Slaidi za makao makuu zinasikika kama barua ya onyo, nizilainishe vipi kwa timu ya watu sita?

Habari dada mshauri, pole na kazi. Mimi ni kiongozi wa timu kwenye tawi la kampuni ya mikopo midogo hapa Morogoro, nina maafisa mikopo sita. Makao makuu wametuma prezentesheni waliyoipeleka kwenye kikao cha mameneja, wanataka niipitie na timu yangu Jumamosi asubuhi kabla watu hawajatoka kwenda kwenye vikundi. Shida ni lugha. Slaidi ya kwanza imeandikwa hivi: "Kumekuwepo na ongezeko la PAR30 kutoka 5% (Machi) hadi 8% (Juni) lililosababishwa na kutozingatiwa kwa taratibu za ufuatiliaji wa marejesho." PAR30 ni sehemu ya salio iliyo kwenye mikopo yenye rejesho lililochelewa zaidi ya siku 30, na hizo namba ni za tawi letu. Ya pili: "Maafisa mikopo wanatakiwa kuhakikisha wateja wote waliochelewesha marejesho wanatembelewa ndani ya saa 48." Ya tatu: "Kushindwa kuzingatia utaratibu huu kutapelekea hatua za kinidhamu kuchukuliwa." Nimejaribu kuweka "wapendwa" na "jamani" na vijikatuni vya kutabasamu lakini naona imezidi kuwa mbaya. Tawi lina salio la mikopo milioni 240, na hawa watu sita nakula nao mchana kila siku, mmoja ni mzee wa makamo aliyenitangulia kazini. Naomba unisaidie niandike kama mtu anayeongea na wenzake.
– Kiongozi wa timu, Morogoro

Asante dada kwa kuniandikia, na asante zaidi kwa kunitumia maneno yenyewe ya slaidi maana bila hayo ningebaki kukupa ushauri wa hewani.

Hizo "jamani" na "wapendwa" zitoe zote leo. Sentensi zako hazina joto kwa sababu ndani yake hakuna mtu, na ukiweka "jamani" mbele ya sentensi isiyo na mtu inabaki hivyo hivyo. Angalia ya kwanza, kumekuwepo, lililosababishwa, kutozingatiwa, vitenzi vitatu na hakuna hata kimoja chenye mwenyewe, nani hakuzingatia? Haisemi, ila kila mtu kwenye kile chumba atajua anasemwa yeye. Ndo maana inasikika kama onyo hata kabla hujafika slaidi ya tatu. Kwenye kikao cha mameneja ilikuwa sawa tu kwa sababu hakuna aliyekuwa anasemwa pale, walikuwa wanaongelea matawi ya mbali.

Kabla hujagusa neno lolote fungua faili kwenye PowerPoint, nenda Save As uweke nakala yenye jina lingine, ile ya makao makuu ibaki kama ilivyokuja. Utaihitaji mwishoni nitakuambia kwanini. Kisha kwenye nakala yako chukua kalamu ya kawaida na karatasi, andika vitu ambavyo havibadiliki hata herufi: zile asilimia mbili na miezi yake, saa 48, na hatua za kinidhamu. Hivyo ni vitu vinne na vitaingia Jumamosi vikiwa vizima. Kila kilichobaki kwenye slaidi ni maneno ya kuvibeba tu, hayo una ruhusa ya kuyatupa na kuandika upya.

Tuanze na ya kwanza maana ndo ngumu kuliko zote. Ina vitu viwili vimegandishwa pamoja, namba na tuhuma. Namba ni kweli, imetoka kwenye mfumo. Tuhuma kwamba hamfuatilii ni maoni ya mtu aliyekaa mbali, inaweza kuwa kweli yote, nusu, au isiwe kweli, na wewe kabla ya Jumamosi una uwezo wa kujua. Toa ripoti ya waliochelewa, chagua wateja watano wenye salio kubwa, uliza kila mmoja alikwama wapi. Ukikuta watatu kati yao ni wa kikundi kimoja ambacho mwenyekiti wao amehama, hiyo ni hadithi nyingine kabisa na "kutozingatiwa kwa taratibu", na utaingia kwenye kikao ukiwa na kitu mkononi.

Sasa zitenganishe. Kwenye slaidi bakiza hiki tu, kwa herufi kubwa:

PAR30 ya tawi letu
Machi 5% – Juni 8%

Basi. Hayo mengine yanahamia mdomoni kwako, na ya mdomoni unayaandika chini ya slaidi pale palipoandikwa Click to add notes, ili ukiwa kwenye Presenter View uyaone wewe peke yako. Andika kama hivi: "Mwezi wa tatu tulikuwa na asilimia 5, mwezi wa sita tumefunga na 8. Makao makuu wanaona sababu ni kwamba ufuatiliaji wetu umelegea. Nimepitia majina matano nikaona hiki na hiki. Sasa nyie ndo mnaotembea, niambieni mnachokiona huko." Ukishauliza nyamaza kweli, usijijibu mwenyewe. Wakiwa wanaongea bonyeza B kwenye kibodi, skrini inakuwa nyeusi na watu wanaacha kuangalia ukutani wanaangaliana wao kwa wao, ukitaka slaidi irudi bonyeza B tena.

Umeona nimeiacha ile tuhuma humo, na nimesema ni ya nani. Hapa watu wengi wanaoandika upya wanakosea kwa upande wa pili, wanataka kuwa karibu na timu basi wanasema "si mnawajua hawa wa makao makuu, hawajui hali ya huku". Kwa dakika tano watakupenda, halafu ukifika slaidi ya saa 48 hakuna atakayeichukulia maanani kwa sababu wewe mwenyewe umeshawaambia aliyeitunga hajui kitu. Sema wanachoona wao, sema unachoona wewe, usimsute mtu.

Hapo hapo kwenye slaidi ya kwanza kuna kazi moja ambayo makao makuu hawakuifanya, na kwangu mimi ndo moyo wa kikao chako chote. Asilimia 8 haimgusi mtu. Mameneja wanaisoma kwa sababu wanalinganisha matawi, afisa mikopo anayeshika daftari la kikundi pale sokoni anahitaji kuiona kwa majina ya watu. Ishushe.

Kwanza hakikisha wote wanajua PAR30 inahesabu nini, usidhani wanajua, waajiriwa wapya wengi wanafikiri ni ile hela iliyochelewa. Wape mteja wa kufikirika, mama muuza mitumba, alikopa milioni 1 kwa miezi kumi, rejesho laki moja kwa mwezi, tuache riba pembeni kwanza. Amelipa manne, amebakiza laki sita. Rejesho la tano akaliruka, siku 30 zikapita. Kilichochelewa ni laki moja, lakini kinachoingia kwenye PAR30 ni laki sita nzima, salio lote, kwa sababu swali la kipimo ni je huu mkopo wote uliobaki uko salama? Ukisema hivi kwa mdomo na ukaandika 100,000 na 600,000 kwenye ubao, utaona nyuso zinabadilika, maana mtu ghafla anaelewa kwanini laki moja aliyoichukulia poa imeivuruga ripoti ya tawi.

Halafu fanya hesabu mbele yao. Salio la tawi ni milioni 240, asilimia 8 yake ni milioni 19 na laki mbili. Tukitaka kurudi kwenye 5 ya mwezi wa tatu tunatakiwa tuwe na milioni 12. Tofauti ni milioni 7 na laki mbili. Kama wateja waliochelewa wana salio la laki sita sita kama yule mama, hao ni wateja 12. Nyie maafisa mko sita. Kila mmoja wateja wawili. Sentensi yako ya kuongea ndo hii: "Kurudi tulipokuwa mwezi wa tatu ni wateja wawili kwa kila mmoja wetu, nataka leo kila mtu anitajie wake wawili." Linganisha na "kumekuwepo na ongezeko", ni namba ile ile, hakuna kilichofichwa, na hujabembeleza mtu.

Lakini kuwa mkweli na hiyo hesabu maana maafisa wako wanajua kazi na watakubana. Salio halilingani kwa kila mteja kwahiyo tumia ripoti halisi, inaweza ikawa wateja 9 wakubwa au 20 wadogo, na mgawanyo hautakuwa sawa kwa sababu kuna afisa ana wanne na kuna mwingine hana hata mmoja. Pia wakati mnawatoa hawa, wengine walioko siku ya 20 au 25 wanasogea kuingia, kwahiyo wawili kila mmoja ni kiwango cha chini, sema hivyo wazi. Na habari njema waambie pia: yule mama akilipa ile laki moja ya rejesho la tano, chake kilichobaki kuchelewa ni rejesho la sita ambalo lina siku chache tu, basi anatoka kwenye PAR30 na laki sita zake zote. Yaani afisa anafuata laki moja, tawi linapona laki sita. Hiyo ndo sababu ya kufuatilia, na mtu akiielewa hahitaji kuambiwa "anatakiwa kuhakikisha".

Tukienda ya pili, hapo kuna mtego mwingine. Mtu akitaka kulainisha agizo anakimbilia "tu": tutahakikisha tunawatembelea wateja wetu ndani ya saa 48. Inasikika vizuri, ila wewe kiongozi hutembelei, wanaotembelea ni wao, na kila mtu anajua. "Tu" itumie pale ambapo kweli mko wote, kama tawi, kama namba, kama lengo. Kwenye kazi ya mtu mwambie yeye moja kwa moja, "mteja akichelewa, nenda", na sehemu yako uitaje kama yako, "mimi nitawatumia orodha kila asubuhi saa 2 kabla hamjatoka". Ukiahidi hiyo orodha uitume kweli.

Ukijaribu kuisema hiyo sentensi kwa mfano, utagundua imebeba shimo. Saa 48 kuanzia lini? Kuanzia tarehe ya rejesho ilipopita, au kuanzia mfumo ulipoonyesha? Ijumaa mtu akichelewa, Jumapili inahesabika? Simu ni sawa na kutembelea? Lugha ya kiofisi inaziba haya mashimo vizuri mno, mameneja wote walitikisa kichwa na hakuna aliyeuliza, lakini ukitaka kuongea na mtu lazima useme siku. Kwahiyo Alhamisi mpigie au muandikie aliyekutumia faili, umuulize hayo matatu, upate jibu kwa maandishi. Tuseme wamejibu saa zinaanza tarehe ya rejesho, siku za kazi tu, na simu haitoshi, basi slaidi yako inakuwa hivi:

Rejesho lilitakiwa Jumatatu, halijaja.
Mpaka Jumatano jioni uwe umeonana naye uso kwa uso.

Na mdomoni unaongeza sababu, kwa sababu siku mbili tatu za mwanzo mteja bado anapokea simu yako na bado anaona aibu ya kawaida, wiki tatu zikipita anaanza kubadili njia akikuona. Maafisa wako wanalijua hilo kuliko mimi, muulize yule mzee wako alisimulie yeye, kwake litasikika vizuri zaidi. Wakijibu tofauti na nilivyotunga hapo basi badilisha siku, usikopi mfano wangu kama sheria.

Kama kuna slaidi inayosema jinsi ya kuongea na mteja anayedaiwa, au inayotaja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na kanuni zake, usiilainishe kwa maneno yako mwenyewe. Isome kama ilivyoandikwa, halafu chini yake toa mfano wa mtaani. Maneno ya sheria ukiyageuza kidogo tu maana inahama, na mtu akija kumdhalilisha mteja mbele ya majirani atasema "kiongozi alisema tukaze".

Sasa ya tatu. Hii wengi wanaifuta, au wanaigeuza kuwa "tutakaa tuongee kama familia". Dada usifanye hivyo. Kama kweli kampuni itachukua hatua za kinidhamu, basi kumficha mtu hilo ili kikao kiwe kitamu ni kumuumiza, atakuja kupewa barua mwezi wa tisa aseme mbona mimi niliambiwa tutakaa tuongee, na atakuwa na haki. Kitu unachoweza kukibadilisha ni mahali pake, sauti yake na mwenye nayo. Usiiweke mwisho kabisa watu wakaondoka nayo kifuani, iweke katikati, mara tu baada ya saa 48, uiseme mara moja kwa sauti yako ya kawaida bila kucheka na bila kunong'ona: "Asiyefuata huu utaratibu kampuni itamchukulia hatua za kinidhamu, hilo limeandikwa na sitaki mtu alisikie kwa mwingine. Ukiona unashindwa, una wateja wengi upande mmoja au pikipiki imekufa, niambie siku hiyo hiyo, usisubiri saa 48 ziishe." Kisha endelea na kazi. Ile "kutapelekea kuchukuliwa" imepata mwenyewe, ni kampuni, na wewe umeonyesha mlango wa kuja kabla mambo hayajaharibika. Ila usiahidi kwamba ukiambiwa mapema hakuna atakayeadhibiwa, kama huna mamlaka hayo.

Kuhusu huyo mzee wenu. Kwenye slaidi andika kwa wingi tu, nyie, kwa wote, usiweke "wakuu" wala "wazee wa kazi" wala lugha za vijana, maana slaidi ni moja na masikio yako sita. Heshima yake inakaa kwenye mdomo, unaanza na shikamoo yake kama kila asubuhi, na ukimpa neno umpe la kueleza kitu anachokijua, usimpe la kujitetea. Ndo maana pia nimekuambia mteja wa mfano awe wa kutunga. Ukichukua kesi halisi hata bila kutaja jina, kwenye timu ya watu sita kila mtu atajua ni kikundi cha nani, na huyo mwenyewe hatasikia tena neno lolote mpaka kikao kiishe.

Ijumaa jioni kaa mahali, jirekodi kwenye simu ukisoma maelezo yako kwa sauti toka mwanzo mpaka mwisho. Ukijisikiliza, pale unapokata pumzi katikati ya sentensi ni sentensi ya kuandikwa, ikate. Pale unapojisikia umeanza kuongea kwa sauti ya kutangaza, angalia hilo neno ulilotumia, mara nyingi utakuta ni husika, utekelezaji, au uzingatiaji, litoe uweke nani anafanya nini. Halafu mtafute mtu mmoja asiye wa timu, labda mhasibu wa tawi, msomee slaidi ya pili tu umuulize, wewe ungekuwa afisa Jumatatu ungefanya nini? Akijibu "ningefuatilia wateja" bado hujamaliza. Akijibu "rejesho la Jumatatu, Jumatano niwe nimeshamfikia" hapo umefika.

Siku yenyewe kama mko sita tu sahau projekta kama unaweza, laptopu mezani, watu wakae kuizunguka, na hapo maelezo yako yasome kwenye karatasi maana Presenter View kwenye skrini hiyo moja kila mtu ataiona, ile slaidi ya jalada yenye nembo na kichwa cha habari kirefu ibonyeze kitufe cha kulia uweke Hide Slide, haitatokea ila haijafutwa. Ya makao makuu zilikuwa ngapi hukuniambia, ila kwa mambo haya matatu slaidi nne zinakutosha, namba, yule mama wa laki sita, saa 48, na hatua. Wape dakika nyingi pale kwenye majina mawili mawili, pale ndo watu wataongea, hizo nyingine zinapita haraka.

Kikao kikiisha tuma ile faili ya makao makuu kama ilivyokuja, bila kubadilisha kitu, kwenye imeili ya kila mmoja, pamoja na majibu ya makao makuu kuhusu saa 48. Wewe umeongea nao kwa lugha yenu, lakini kitakachofunguliwa siku kukiwa na ubishi ni yale maandishi rasmi na wana haki ya kuwa nayo. Juu yake andika mistari miwili tu: "Hii ndo ile tuliyoiongelea leo, maneno rasmi yako humu. Ukiona sehemu haifanani na nilivyosema, niulize kabla ya Jumatatu."